Ajenti wa nyumba: Jinsi ya kutengeneza jedwali la wateja lisilopoteza mtu

Ukipita Mtwapa, Kikambala au mjini Kilifi utaona vibandiko kwenye nguzo na milango ya maduka: nyumba ya vyumba viwili, piga simu namba hii. Nyuma ya kila namba yuko ajenti, na kwa kawaida kumbukumbu zake zote zimo ndani ya simu. Aliyepiga Jumatatu yuko kwenye orodha ya simu zilizopigwa, aliyeandika Jumanne yuko WhatsApp, na aliyetumwa na mlinzi wa ploti yuko kwenye kipande cha karatasi mfukoni. Wiki mbili zikipita majina hayo yamefunikwa na mengine. Mteja aliyesema "nipigie mshahara ukiingia" hapigiwi, na mwisho wa mwezi analipia nyumba ya ajenti mwingine.

Makala haya yanaeleza namna ya kutengeneza jedwali moja la kufuatilia wateja hao, kuanzia siku wanapouliza hadi wanapolipa au wanapoacha. Tumechukua mfano wa ajenti wa nyumba za kupangisha, maana ndio wengi katika miji yetu, na tumetumia Google Sheets, ambayo ni bure na hufunguka kwenye simu. Siku ya kwanza ya kulitengeneza, afadhali uketi kwenye kompyuta, hata ya saiba, kwa sababu mipangilio mingine ni vigumu kuifikia kwenye simu. Ukimaliza, hakikisha umetoka kwenye akaunti yako kabla ya kuinuka.

Fungua jedwali jipya na uite ukurasa wa kwanza Wateja. Kanuni ya ukurasa huu ni moja: mteja mmoja, mstari mmoja. Akipiga simu mara tano, mstari ni ule ule. Ajenti wengi wanaojaribu kuweka kumbukumbu huandika kila simu kwenye mstari wake kama daftari la mauzo, na baada ya mwezi wana mistari mia mbili isiyoweza kuwaambia wana wateja wangapi.

Juu ya safu, kuanzia A hadi N, andika vichwa hivi:

```
Namba | Aliuliza | Jina | Simu | Chanzo | Anatafuta | Nyumba | Hali |
Alionyeshwa | Hatua inayofuata | Tarehe ya hatua | Alilipa |
Kamisheni | Sababu ya kuacha
```

Namba ni K001, K002 na kuendelea. Aliuliza, Alionyeshwa na Alilipa ni safu za tarehe, wala si za "ndiyo" na "hapana". Tutaona sababu hivi punde. Chanzo ni mahali mteja alikokupata: Facebook, kibandiko, mlinzi, au mteja wa zamani. Kwenye Anatafuta, andika kwa ufupi ukubwa wa nyumba, mtaa, kiwango cha juu cha kodi na siku anayotaka kuhamia. Kwenye Nyumba, andika namba za nyumba ulizompendekezea.

Safu ya Hali ndiyo inayoharibika mapema kuliko zote. Ukiiacha wazi, leo utaandika "ameona", kesho "kaonyeshwa", keshokutwa "tulienda", na kompyuta itahesabu mambo matatu tofauti. Kwa hiyo chagua safu nzima ya H, nenda kwenye Data, kisha Data validation, uweke orodha ya kuchagua yenye maneno matano tu: Ameuliza, Amepangiwa, Ameonyeshwa, Amelipa, Ameacha. Amepangiwa ni yule aliyekubali siku na saa ya kuonyeshwa nyumba. Kuna watakaotaka kuongeza "Anafikiria". Tunashauri msiongeze. Kila ambaye hajalipa anafikiria, na neno hilo huwa sanduku la kutupia wateja ambao ajenti hajui la kuwafanyia.

Weka orodha kama hiyo kwenye Chanzo na kwenye Sababu ya kuacha pia.

Sasa tuje kwenye safu mbili zinazobeba kazi yote: Hatua inayofuata na Tarehe ya hatua. Kila mteja ambaye hajalipa na hajaacha lazima awe na hatua moja iliyoandikwa na siku yake. "Kumfuatilia" si hatua. "Kumtumia picha za N04" ni hatua. "Kumuuliza kama mumewe ameiona" ni hatua. Na iandikwe kabla hujapiga simu nyingine, kwa sababu ukingoja jioni utaikumbuka nusu.

Tumfuate mteja mmoja wa mfano, K017. Alipiga simu Jumatatu, Juni 9, 2025. Anataka vyumba viwili vya kulala Mtwapa, kodi isizidi 20,000, ahamie mwisho wa mwezi. Ajenti anaandika mstari, Hali ni Ameuliza, hatua ni kumtumia picha za nyumba N04 na N07, tarehe ni siku hiyo hiyo. Kesho yake mteja anajibu kwamba N07 imempendeza na wanakubaliana kukutana Jumamosi, Juni 14. Hali inakuwa Amepangiwa. Lakini tarehe ya hatua haiwi 14, inakuwa 13, na hatua inasomeka: kumpigia mlinzi kuthibitisha nyumba ingali wazi, kisha kumkumbusha mteja. Kazi ya siku ya kuonyesha huanza siku moja kabla.

Jumamosi wanaonana, mteja anazunguka vyumba, anafungua mfereji, anasema nyumba ni nzuri. Ajenti anaandika 14/06/2025 kwenye Alionyeshwa na kubadilisha Hali kuwa Ameonyeshwa. Hatua inayofuata ni kumpigia Jumatatu tarehe 16. Siku hiyo mteja anasema wazi kwamba anaitaka, ila hana amana hadi mshahara uingie tarehe 28. Hapa ndipo wengi hupotea. Kuna siku kumi na mbili za kimya kati ya neno hilo na pesa, na ndani ya siku hizo ajenti atapokea maulizo mengine kumi na tano au ishirini. Mwenye jedwali anaandika hatua mbili katika kisanduku kimoja, "20: kumweleza mwenye nyumba yuko mtu, 28: kumpigia mteja asubuhi", na kwenye Tarehe ya hatua anaweka iliyo karibu zaidi, 20. Ikifika 20 na kazi ikiisha, anaifuta na kuweka 28. Tarehe 28 mteja analipa. Alilipa inajazwa, kamisheni inaandikwa, Hali inakuwa Amelipa, na Tarehe ya hatua inaachwa tupu.

Mteja asiyejibu naye ana utaratibu wake. Baada ya kumwonyesha nyumba, mpigie siku ya pili au ya tatu, kisha baada ya wiki, kisha mara moja ya mwisho baada ya wiki nyingine. Akinyamaza mara zote tatu, weka Ameacha, na sababu iwe "hakujibu". Kumwacha wazi miezi mitatu kwa matumaini kunajaza orodha yako majina ambayo jicho hujifunza kuyaruka, na likizoea kuruka litaruka na walio hai.

Kabla ya kuendelea, rekebisha mambo mawili ambayo huharibu majedwali bila kelele. La kwanza ni namba za simu. Google Sheets ikiona tarakimu tupu hudhani ni hesabu, na sifuri ya mwanzo huondoka. Kabla ya kuandika namba yoyote, chagua safu ya Simu, nenda Format, Number, kisha Plain text. Amua pia mtindo mmoja, tuseme tarakimu kumi zinazoanza na 07 au 01 bila nafasi katikati, ili mteja aliyepiga mara mbili kwa muda tofauti umpate kwa kutafuta namba yake.

La pili ni tarehe, na hili ni la hatari zaidi. Majedwali mengi huanzishwa kwa mtindo wa Marekani, ambao hutanguliza mwezi. Ukiandika 09/06/2025 ukimaanisha Juni 9, jedwali linasoma Septemba 6. Ukiandika 14/06/2025, halipati mwezi wa kumi na nne, hivyo linaliacha kama neno tu. Dalili ni rahisi kuona: tarehe iliyoeleweka hukaa upande wa kulia wa kisanduku, na ile iliyobaki neno hukaa kushoto. Dawa ni kwenda File, kisha Settings, na kwenye Locale uchague United Kingdom, ambao hutanguliza siku kama sisi. Hapo hapo weka Time zone kuwa ya Nairobi, ili "leo" ya jedwali iwe leo yako. Fanya hivi mwanzoni, kwa sababu tarehe zilizokwisha kusomwa vibaya hazitajirekebisha zenyewe.

Sasa ongeza ukurasa wa pili uitwe Leo. Nakili vichwa vyote kwenye mstari wa kwanza, kisha kwenye kisanduku A2 uandike:

```
=IFNA(SORT(FILTER(Wateja!A2:N, Wateja!K2:K>0, Wateja!K2:K<=TODAY()), 11, TRUE), "Hakuna wa leo")
```

Fomula hii huwaleta wateja wote ambao tarehe yao ya hatua ni leo au imekwisha kupita, waliochelewa zaidi wakiwa juu. Safu za tarehe zikionyesha tarakimu kama 45817, zichague na uzipe Format, Number, Date. Huu ndio ukurasa wa kufungua kila asubuhi. Usiandike kitu ndani yake. Marekebisho yote hufanyika kwenye Wateja, na jina huondoka Leo lenyewe ukisogeza tarehe mbele. Anayetumia Excel aandike mwisho wa safu, kama A2:N1000 na K2:K1000, aweke IFERROR badala ya IFNA, na ajue kwamba matoleo ya zamani hayana FILTER.

Ukurasa wa Leo una upofu mmoja: haumwoni mteja aliye wazi lakini hana tarehe. Kwa hiyo weka mahali pengine, kwenye ukurasa wa tatu uitwao Hesabu, fomula ya kuwahesabu hao:

```
=COUNTIFS(Wateja!A2:A,"<>",Wateja!H2:H,"<>Amelipa",Wateja!H2:H,"<>Ameacha",Wateja!K2:K,"")
```

Jibu linalotakiwa ni sifuri. Likiwa 4, kuna watu wanne ambao hakuna siku utakayowakumbuka.

Baada ya mwezi au miwili, jedwali linaanza kuzungumza. Hapa ndipo sababu ya kuweka tarehe kwenye kila hatua inapoonekana. Tuchukue Juni ya ajenti wetu wa mfano. Waliouliza ni 40. Akitaka kujua wangapi walionyeshwa nyumba, kishawishi ni kuhesabu walio na Hali ya Ameonyeshwa, na atapata 4. Hesabu hiyo ni ya uongo. Hali humwambia mteja yuko wapi sasa, haimwambii alikopitia: waliolipa walionyeshwa, na wengi wa walioacha walionyeshwa pia. Ukweli uko kwenye safu ya Alionyeshwa:

```
=COUNTIFS(Wateja!B2:B,">="&DATE(2025,6,1),Wateja!B2:B,"<"&DATE(2025,7,1),Wateja!I2:I,">0")
```

Jibu ni 18. Ukibadilisha I kuwa L katika sehemu ya mwisho, unapata waliolipa: 3. Angalia kwamba fomula inahesabu watu waliouliza mwezi Juni, wawe walilipa Juni au Julai. Ukichanganya waliouliza mwezi huu na waliolipa mwezi huu, unagawanya watu wa kundi moja kwa watu wa kundi jingine, na asilimia utakayopata haina maana. Mapato ya kamisheni kwa ajili ya hesabu za kodi ni jambo jingine. Hayo yahesabiwe kwa safu ya Alilipa.

Kwa hiyo 40 waliuliza, 18 walionyeshwa, 3 walilipa. Ajenti mwingine angesema anahitaji matangazo zaidi. Lakini tazama waliobaki baada ya kuonyeshwa: 15. Wanne bado wako wazi, 11 waliacha. Kwenye Sababu ya kuacha, 6 wana neno "maji", 2 "bei", 2 "hakujibu", na 1 "nyumba ilikuwa imechukuliwa". Akichuja wale sita na kutazama safu ya Nyumba, anakuta N04 na N11 tu, zote zinazotumia maji ya kisima yenye chumvi. Mteja alifika, akafungua mfereji, akaonja, akaondoka. Safari sita, nauli za watu sita, na Jumamosi kadhaa, kwa jambo ambalo lingesemwa kwenye simu ya kwanza. Mwezi unaofuata ajenti huyo anauliza mapema kama mteja anakubali maji ya kisima, na N04 na N11 anawapelekea wanaokubali, huku akimweleza mwenye nyumba kwa ushahidi kwa nini kodi anayoitaka haipatikani.

Tahadhari moja kuhusu hesabu ndogo. Kati ya wale 40, 21 walitoka Facebook na mmoja akalipa, 9 walitumwa na walinzi na wawili wakalipa, 10 waliona kibandiko na hakulipa hata mmoja. Inavutia kung'oa vibandiko vyote. Lakini malipo matatu ni machache mno. Mteja mmoja akihama upande mmoja hadi mwingine picha yote inageuka. Subiri miezi mitatu au minne kabla ya kuhukumu chanzo. Ile ya maji ni tofauti, kwa sababu sababu yake inaonekana kwa macho na mtu anaweza kwenda kuonja.

Yule mmoja aliyekuta nyumba imechukuliwa anastahili ukurasa wake. Uite Nyumba, uwe na namba ya nyumba, mtaa, kodi, amana, aina ya maji, na siku ulipothibitisha mara ya mwisho kwamba iko wazi. Nyumba ambayo haijathibitishwa kwa siku tatu isipelekewe mtu. Ajenti wanaotoza ada ya kuonyesha wana sababu zaidi ya kulishika hili. Anayechukua pesa ya mtu kumpeleka kwenye mlango uliokwisha kukaliwa hatatofautishwa na matapeli wa nyumba, hata kama nia yake ilikuwa safi.

Jedwali hili lina majina na simu za watu, kwa hiyo liko chini ya Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019. Biashara ndogo nyingi husamehewa kujisajili kwa Kamishna wa Ulinzi wa Data, lakini kanuni za usajili za mwaka 2021 zinaitaja kazi ya usimamizi wa nyumba na uuzaji wa ardhi miongoni mwa zile zisizopata msamaha huo, hata biashara ikiwa ndogo. Mweleze mteja unaandika nini na kwa nini, usiigawe orodha yako kwa ajenti mwingine bila idhini yake, na akaunti yenye jedwali iwe na neno la siri ambalo halijui mtu mwingine. Usifungue safu ya kabila, dini au ndoa hata mwenye nyumba akikuuliza. Sheria inalinda habari za namna hiyo kwa uzito zaidi, na kazi yako ya kumtafutia mtu vyumba viwili haizihitaji. Tukumbushe pia kwamba kazi yenyewe ya uwakala inasimamiwa na Sheria ya Mawakala wa Nyumba na Ardhi, Sura ya 533, inayotaka ajenti awe amesajiliwa na bodi yake.

Anayeuza ploti atumie muundo huu huu, lakini asiweke Amelipa siku mteja anapotoa malipo ya kwanza. Aongeze safu za tarehe kwa upekuzi wa hati kwenye ofisi ya ardhi, kutiwa sahihi kwa mkataba, na uhamisho wa hati. Kama ni ardhi ya kilimo, aongeze na ombi la kibali cha Bodi ya Udhibiti wa Ardhi, ambalo hupaswa kupelekwa ndani ya miezi 6 tangu mkataba. Bila kibali hicho mauzo ni batili. Siku mkataba unapotiwa sahihi, tarehe ya ombi hilo ndiyo inayoingia kwenye Tarehe ya hatua, na mstari wa mteja unabaki wazi hadi hati itoke kwa jina lake.